Namna ya Kukabidhiwa Mkoa Mzima

Mwongozo huu ni wako wewe mwenye duka la jumla linalokwenda vizuri, mwenye kirikuu kimoja na stoo ya vyumba viwili, ambaye wiki ijayo utatembelewa na kijana aliyevaa fulana yenye nembo ya kampuni. Atajitambulisha kuwa afisa mauzo. Atakuambia kampuni imezunguka mkoa mzima ikaona mtu wa kufanya naye kazi ni wewe tu. Mwamini. Usimuulize asubuhi amekunywa chai kwa nani, maana ukiuliza utagundua kwamba wewe ni wa nne kuambiwa hivyo, na watatu waliokutangulia walisema watafikiria.

Mimi sikufikiria. Nilisaini Februari 2025, hapa Geita, mkataba wa kusambaza biskuti. Kampuni sitaitaja kwa sababu kuna hesabu hatujamalizana. Ila njia niliyopita naijua jiwe kwa jiwe, na kama na wewe unataka kufika nilikofika, fuata maelekezo haya bila kuruka hata moja.

Anza na neno "pekee". Likitamkwa, acha moyo uruke na usiulize maana yake. Katika biashara hii neno hilo lina maana tatu, na kila moja ina bei yake. Ya kwanza ni kwamba kampuni haitamteua msambazaji mwingine katika eneo lako, na yenyewe pia haitauza humo. Kila katoni itakayoingia itapita stoo kwako. Ya pili ni kwamba haitamteua mwingine, lakini yenyewe imebaki na ruhusa ya kuuza moja kwa moja kwa imtakaye. Ya tatu ni ya mdomoni: wewe ni wa pekee kwa sasa, kwa kuwa mwingine hajapatikana. Mimi nilisikia ile ya kwanza, mkataba uliandika ya pili, na kwa miezi kadhaa niliishi na ya tatu.

Mkataba wenyewe ulikuwa wa Kiingereza, kurasa 11. Kijana alinisaidia kwa kunionyesha pa kusaini. Mwishoni kabisa kulikuwa na kifungu kifupi kilichosema kwamba maandishi haya ndiyo makubaliano yote, na lolote lililosemwa kabla yake halihesabiki. Kifungu hicho kipo karibu katika kila mkataba wa aina hii, na kazi yake ni kufuta chai yote mliyokunywa pamoja. Kila alichoniahidi kijana kuhusu gari la matangazo, friji, na mkopo wa siku 14 kilikufa pale kalamu ilipogusa karatasi.

Kifungu kingine kilihusu wateja wakubwa. Kilisema mgodi, supamaketi, shule za bweni na taasisi zitahudumiwa na kampuni yenyewe, "pamoja na wateja wengine kadiri kampuni itakavyoona inafaa". Mimi niliangalia mgodi na supamaketi, nikajisemea hao sikuwa nao hata kabla. Sikuyaangalia yale maneno manne ya mwisho. Mwezi wa tatu wa mkataba, mwenye duka la jumla pale Katoro, mtu niliyemlea mimi kwa mali kauli tangu alipokuwa na rafu mbili, alifikia uwezo wa kushusha Fuso nzima. Kampuni ikaona inafaa. Siku hiyo nilipoteza katoni 180 kwa mwezi, na sikuwa na kifungu cha kushika.

Mtu mkorofi, ambaye hafuati mwongozo huu, angedai orodha ya wateja hao kwa majina, iambatanishwe nyuma ya mkataba, na jina jipya lisiongezwe bila sahihi za pande mbili. Tena angedai kwamba kila katoni ambayo kampuni imeiuza yenyewe ndani ya eneo lake ihesabiwe katika kiwango chake cha manunuzi, maana tumbo la mkoa ni moja; biskuti iliyoliwa mgodini haiwezi kuliwa tena dukani. Wewe usiwe mkorofi.

Kuna upekee mwingine ambao hautatangazwa kwa sauti. Ni ule unaokufunga wewe. Wakati kampuni ikijiachia mlango wa kuuza inakotaka, mimi nilikatazwa kuuza "bidhaa yoyote inayoshindana na bidhaa za kampuni, za sasa au za baadaye". Kampuni ilikuwa inatengeneza biskuti. Mwezi wa pili ikaanza kutengeneza pipi, nikaambiwa niondoe pipi nilizokuwa nachukua kwa mtu mwingine miaka sita. Ndoa ambayo mmoja amefungiwa ndani na mwingine ana funguo za geti, kwetu ina jina lake, lakini siyo ndoa. Nitarudi kwenye hili, maana ndilo lililonitoa roho kimahesabu kuliko nilivyodhani.

Sasa twende kwenye ramani. Mkataba utasema eneo lako ni mkoa fulani, na kijana atakuchorea mduara hewani kwa kidole. Ridhika na mduara. Mikataba ya kampuni nyingi ni karatasi inayonakiliwa kutoka kwa msambazaji mmoja kwenda kwa mwingine, mwaka baada ya mwaka, jina tu ndilo linabadilishwa. Wangu ulikuwa umenakiliwa kutoka karatasi ya zamani kweli: uliandika eneo langu kuwa "Wilaya ya Geita, Mkoa wa Mwanza". Mkoa wa Geita ulianzishwa 2012, kwa kumega Mwanza, Kagera na Shinyanga. Chato ilitoka Kagera, Bukombe ikatoka Shinyanga. Nikadhani ni kosa la uchapaji, dogo, la kuchekea.

Mwenye kuijua Katoro atanielewa. Katoro iko Wilaya ya Geita, na Buseresere imeshikana nayo lakini iko Chato. Ni mji mmoja wenye majina mawili. Mtu ananunua vocha upande huu, anakunywa soda upande ule. Kwa karatasi yangu, duka la upande huu lilikuwa langu na la upande ule lilikuwa la msambazaji wa Bukoba. Yeye naye alikuwa na karatasi ya zamani, inayosema Chato ni Kagera. Kijana wake wa mauzo alikuwa anakuja kila Jumatano, anauza Buseresere kihalali, kisha anavuka na kuuza Katoro kwa mazoea. Nilipolalamika, nikaulizwa mkataba wangu unasemaje. Unasema niko Mwanza.

Halafu kuna maji. Eneo langu kwa upande wa mashariki lilikuwa na mlinzi ambaye hakuwamo kwenye mkataba: kivuko cha Kigongo na Busisi. Lori la kutoka Mwanza lilikuwa linapanga foleni, linalipa nauli, linapoteza saa. Kwa biskuti, ambazo faida yake kwa katoni ni shilingi elfu na kitu, hiyo foleni ilitosha kumkatisha tamaa msambazaji wa Mwanza asije kunichungulia. Tarehe 19 Juni 2025 Daraja la J.P. Magufuli likafunguliwa, kilomita tatu hivi juu ya ziwa, na sote tulishangilia. Mimi nilishangilia sana. Wiki mbili baadaye nikaona kenta ya Mwanza imepaki mbele ya soko, inashusha biskuti zangu. Narudia, zangu: kampuni ileile, paketi ileile. Barabara ikibadilika, eneo limebadilika, hata kama karatasi imelala kabatini. Wenye busara huandika kifungu cha kukaa upya mezani pale njia mpya, mkoa mpya au ghala jipya la kampuni linapotokea. Mimi nilikuwa nimeandika jina langu na tarehe.

Usidhani huu ni ushamba wetu wa kanda ya ziwa. Mwaka 1957 kampuni ya Kijerumani ya Grundig iliipa kampuni ya Consten haki ya pekee ya kuuza redio zake Ufaransa. Mfanyabiashara mwingine akawa ananunua bidhaa hizohizo Ujerumani kwa bei nafuu na kuziuza Ufaransa. Consten wakaenda mahakamani wakiamini soko ni lao. Mwaka 1966 Mahakama ya Jumuiya ya Ulaya ikasema mkataba wa kulizungushia soko ukuta wa namna hiyo unavunja sheria za ushindani. Kwetu pia ipo Sheria ya Ushindani wa Haki ya 2003, na Tume ya Ushindani inayoisimamia, kwa hiyo hata wakili mzuri hatakuandikia kwamba hakuna kiumbe mwingine atakayeuza biskuti hizo Geita. Kinachowezekana ni kidogo zaidi na kina faida zaidi: kutenganisha kumfuata mteja na kufuatwa na mteja. Mwenye duka wa Katoro akipanda gari mwenyewe akaenda kununua Mwanza, hiyo ni haki yake. Msambazaji wa Mwanza akituma kenta na kijana wa oda kuja kupiga hodi Katoro, hilo ndilo la kukatazwa, na hapo ndipo pa kuweka nguvu ya kalamu.

Nimefika penye nyama. Kiwango cha chini cha manunuzi, ambacho watu wa mauzo wanaita tageti, utakikuta ukurasa wa mbali, kwenye jedwali dogo. Kipitie haraka. Changu kilikuwa katoni 1,500 kwa mwezi, kuanzia mwezi wa kusaini. Nilimuuliza kijana namba hiyo imetoka wapi, akasema makao makuu. Nikaona ni mahali pa heshima.

Nikufanyie hesabu ambayo sikuifanya. Katoni nilinunua 24,000, nikauza 25,500, kwa hiyo faida ghafi ni 1,500 kwa katoni. Katoni 1,500 ni milioni 36 za kununulia, na faida yake ghafi ni 2,250,000. Dereva, wapakiaji wawili, mafuta, kodi ya stoo na matengenezo ya kirikuu vilinigharimu karibu 1,700,000 kwa mwezi. Ukiuza zote unabaki na 550,000. Siyo mbaya kwa mtu anayeamka saa kumi na moja.

Tatizo ni kwamba mkoa ulikuwa unakula katoni 1,000. Faida ghafi ikawa 1,500,000, ambayo haifikii hata gharama. Nilikuwa napoteza laki mbili kila mwezi kwa kufanya kazi vizuri. Na hilo lilikuwa dogo. Kubwa lilikuwa katoni 500 zilizobaki stoo, ambazo ni milioni 12. Nikiuza 1,000 napata 25,500,000, nikitoa gharama nabaki na 23,800,000, na oda ya mwezi ujao inataka 36,000,000. Pengo la milioni 12 na laki 2 lilibidi litoke mahali. Lilitoka kwenye sukari, kwenye unga wa ngano, kwenye sabuni, bidhaa ambazo ndizo zilizokuwa zinanilisha kabla sijawa mtu mkubwa. Baada ya miezi mitatu nilikuwa na katoni 1,500 zimedoda, yaani oda nzima ya mwezi mmoja niliyoinunua kwa ajili ya kuitazama. Nyingi zilikuwa za ladha ya tangawizi. Tageti ilihesabu jumla ya katoni bila kujali ladha, na kiwanda kikawa kinanijazia ile isiyotakiwa na mtu.

Mke wangu aliingia stoo siku moja kutafuta gunia la sukari, akakuta limezungukwa. Akauliza, "Hizi zote ni za nani?"

"Zetu."

"Na sukari je?"

"Hiyo ni ya mwisho."

Hakuongeza neno. Alitoka na daftari la madeni, na kwa wiki kadhaa alikuwa anatoka nalo kila asubuhi. Nilidhani anakusanya madeni.

Hapa lazima uelewe jambo ambalo kampuni inalielewa vizuri kuliko sisi. Kampuni inahesabu katoni zilizoshuka kwenye lori lake, siyo zilizotoka kwenye duka lako. Kwake biskuti ikishaingia stoo kwako imeuzwa. Ndiyo maana simu za afisa mauzo huja tarehe 26, 27, 28. Yeye naye ana tageti yake, na bosi wake ana yake. "Mzee wangu, nisaidie katoni 300 tu tufunge mwezi." Msaidie. Mwezi ujao utaanza ukiwa na katoni 300 ambazo hazina mteja, na tageti itaanza tena sifuri, kwa sababu ulichozidisha mwezi huu hakihamishwi.

Lakini ulichopungukiwa kinahesabiwa, hata kama hukupungukiwa wewe. Mwezi wa tano wa mkataba niliagiza 1,500, kiwanda kikaleta 900 kwa kuwa mashine moja ilikuwa kwenye matengenezo. Ripoti ya mwezi ikaja: msambazaji amefikia asilimia 60. Nikaandikiwa barua ya onyo kwa kushindwa kununua biskuti ambazo hazikuwapo duniani.

Na bei ikipanda, ile tageti iliyoandikwa kwa katoni inapanda nayo mfukoni. Katoni ikitoka 24,000 kwenda 26,400, hizohizo 1,500 zinataka milioni 39 na laki 6. Soko kwa kawaida linakula kidogo zaidi bei ikipanda. Jedwali halijui hilo.

Sasa angalia kitu kizuri kinavyotokea. Kampuni ilikuwa inatoa bonasi ya asilimia 2 kwa anayefikia tageti. Asilimia 2 ya milioni 36 ni 720,000. Mwezi wa Mei nilikaa na kikokotoo. Nikizipeleka katoni 500 nje ya mkoa nikazimwaga kwa 23,400, nitapoteza 600 kwa kila moja, jumla laki tatu, lakini nitakuwa nimenunua 1,500 na bonasi ya 720,000 ni yangu. Nabaki na 420,000 mkononi na stoo inapumua. Mtu mwenye akili atafanya nini? Nilijaza kirikuu mara tano, usiku, njia ya Masumbwe hadi Kahama, ambako ni mkoa wa Shinyanga, kwa msambazaji mwingine wa kampuni hiyohiyo. Sikumwonea haya, maana simjui.

Julai, baada ya lile daraja, mwenye duka mmoja wa Geita mjini aliniita ndani akanionyesha katoni. "Mzee, wewe unanipa kwa 25,500. Hizi nimeletewa mlangoni kwa 23,400. Wewe mwenye mkoa unashuka mpaka wapi?" Bei hiyo ilikuwa chini ya bei niliyonunulia kiwandani. Nilishikwa na hasira ya mtu aliyeibiwa. Nikampigia meneja wa kanda, nikamwambia kuna mtu wa Mwanza anavunja mkataba, anaingia eneo langu, anaua bei. Akaja mwenyewe baada ya siku tatu, mtu mtaratibu, akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akatoa simu akanionyesha picha. Ilikuwa katoni ya biskuti za tangawizi, imepigwa picha ndani ya duka Kahama. Ubavuni iliandikwa kwa kalamu ya bluu nene, G14. Binti yangu wa stoo anahesabu mizigo kwa kalamu ya bluu, na herufi G ni yake.

"Huyu wa Mwanza," meneja akasema, "ana tageti ya katoni 6,000."

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba vifungu vile vitatu nilivyovisaini ni kifungu kimoja. Tageti ikizidi tumbo la eneo, kila msambazaji atamwagia jirani, jirani atamwagia yeye, na maneno "eneo" na "pekee" yatabaki mapambo. Mwanza hakuwa adui yangu. Alikuwa mimi, mwenye kenta kubwa zaidi. Watu wanapokwenda mezani kujadili mkataba hupigania kwanza upekee, wakishaupata wanafurahi na kuachia tageti ipite. Wanakuwa wamenunua kufuli na kuacha ukuta haujajengwa.

Meneja hakunifukuza, nami sikuondoka, kwa sababu zetu wenyewe: mimi nilikuwa na mzigo wake, na yeye alikuwa amepoteza wasambazaji wawili kanda ya ziwa kwa mwaka ule. Alitaka kufunga robo ya mwaka akiwa na Geita. Kama lazima ujadiliane, na mwongozo huu haukushauri, basi nenda robo ya mwaka inapokaribia kwisha. Mwanzoni mwa robo meneja ana muda wa kukusikiliza na hana haja nawe.

Mke wangu alileta lile daftari mezani. Hakuwa anakusanya madeni. Alikuwa anahesabu maduka. Geita mjini, Katoro, Nyarugusu, Masumbwe, Ushirombo na njia zake, yale tu ambayo kirikuu kinayafikia na kurudi siku hiyohiyo. Alipata 640. Akachagua 40, makubwa kwa madogo, akayafuatilia kwa wiki nne akiandika kila moja limeuza katoni ngapi. Wastani ukawa katoni moja na sehemu sita za kumi. Zidisha, utapata 1,024.

"Haya maduka mmeyatoa wapi, mama?" meneja akauliza.

"Tumeyatembea, baba."

"Makao makuu hawatakubali elfu moja. Geita ni mkoa wa dhahabu."

"Dhahabu haili biskuti," mke wangu akasema, akasukuma daftari mbele yake.

Daftari lile ndilo lilikuwa silaha pekee tuliyokuwa nayo. Kampuni ilikuwa na wakili, mkataba wa mfano na kiwanda. Haikuwa na hesabu ya maduka, maana mtu wa makao makuu hajawahi kufika Nyarugusu. Tulianza na 700, tukaishia 800 kwa mwezi, lakini zikihesabiwa kwa robo ya mwaka, yaani 2,400, ili mwezi wa mvua ubebwe na mwezi wa kiangazi. Oda ambayo kampuni imeshindwa kuileta ndani ya siku kumi inakatwa kwenye tageti. Ladha nachagua mimi. Bei ikipanda zaidi ya asilimia 5, tunakaa upya. Nikikosa tageti robo mbili mfululizo, adhabu yake ni kupoteza upekee. Mkataba unaendelea na hakuna faini. Tofauti hiyo ni ya maisha, kwa sababu anayepoteza upekee bado anauza, lakini anayevunjiwa mkataba anabaki na stoo.

Bonasi ndiyo iliyobishaniwa zaidi. Nilimwambia meneja, asilimia zako 2 ndizo zilizonipeleka Kahama usiku. Akacheka kidogo. Tukakubaliana nusu ilipwe kwa tageti na nusu kwa idadi ya maduka yaliyohudumiwa na kutolewa risiti ndani ya eneo, kwa kuwa duka la Kahama haliwezi kuhesabiwa Geita. Na katoni za kila msambazaji zipigwe muhuri wa herufi kiwandani. Ya kwako ikikutwa imepelekwa kwa jirani, bonasi yako ya mwezi huo inakwenda kwa jirani. Kalamu ya bluu ya binti yangu imekuwa sera ya kampuni, na hajalipwa.

Eneo liliandikwa kwa majina ya wilaya, na Katoro na Buseresere zikatajwa pamoja kuwa mji mmoja wa msambazaji mmoja. Nilitoa Chato mjini ili nipate Buseresere. Kwa kirikuu changu ilikuwa biashara nzuri.

Kile kifungu cha bidhaa zinazoshindana nilikirudia mwisho, kwa hesabu hii: gharama zangu ni 1,700,000 na faida kwa katoni ni 1,500, kwa hiyo nahitaji kuuza katoni 1,134 ndipo nisipate hasara. Mkoa unakula 1,024. Maana yake hakuna tageti, kubwa wala ndogo, itakayomfanya mtu wa Geita aishi kwa biskuti za kampuni hiyo peke yake. Lazima kirikuu kikienda Masumbwe kibebe na pipi za mtu mwingine, sabuni na kiberiti, mafuta ya safari moja yagawanywe. Meneja alielewa haraka kuliko nilivyotarajia. Katazo likabaki kwa biskuti tu, tena kwa muda ambao kampuni yenyewe inaheshimu upekee wangu.

Yapo aliyoyakataa. Mgodi umebaki wao. Mteja wa Katoro hakurudi, ila katoni zake sasa zinahesabiwa kwangu. Nilitaka mkataba ukivunjika kampuni irudishe mzigo wote kwa bei niliyonunulia. Akakubali ule tu uliobakiza miezi sita au zaidi kabla ya kuisha muda, pamoja na notisi ya siku 90 badala ya 30. Marekebisho hayo tuliyaandika, tukasaini wote, tukayalipia ushuru wa stempu, kwa sababu karatasi isiyolipiwa ushuru haipokelewi mahakamani kuwa ushahidi, na mimi nilishachoka na ahadi za chai.

Mzigo wa zamani haukuwamo katika makubaliano. Nina katoni 212 za tangawizi, zinaisha muda Januari. Siruhusiwi kukuletea kama uko nje ya Geita, lakini ukija mwenyewe mpaka dukani, mkataba unaniruhusu kukuuzia.